Sifuri au O? Kunakili namba kutoka kwenye picha bila kubahatisha

Umetumiwa picha ya namba kwa WhatsApp na unatakiwa kuiingiza kwenye fomu. Mwanzo unakwenda vizuri, kisha unafika kwenye kiduara, na hapo mkono unasita: ni sifuri au ni O? Unaikuza picha, unaikuza tena, mpaka kiduara kinageuka ukungu wa kijivu, na bado hujui. Kijiti kilichosimama nacho kina balaa lake, maana kinaweza kuwa moja, I kubwa au l ndogo.

Acha kukuza. Mara nyingi tofauti unayoitafuta haimo kwenye picha kwa sababu haikuwamo hata kwenye chapa. Katika mwandiko wa Arial, uliojaa kwenye stika na skrini, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili ambavyo jicho haliwezi kuvitenganisha. Taipureta nyingi za zamani hazikuwa hata na kitufe cha 1. Mpiga chapa alibonyeza l ndogo, na msomaji akaelewa kutokana na sentensi. Namba ya utambulisho haina sentensi ya kukusaidia. Ilicho nacho ni kanuni: mtu fulani aliamua ni herufi zipi ziruhusiwe, zikae wapi, na hesabu gani izifunge. Kwa hiyo macho yawe ya mwisho. Kwanza tazama kama namba hiyo ipo palepale kwa namna ambayo mashine inaisoma, kisha uulize kanuni yake inaruhusu nini, na vyote viwili vikishindikana ndipo ulinganishe maumbo.

Anza na mistari

Karibu na namba nyingi za kiwandani pana msimbo pau, ile mistari myeusi minene na myembamba. Watu huiona kama kitu cha dukani, wakati mara nyingi ni namba ileile iliyoandikwa kwa lugha ya mashine. Katika mifumo miwili inayotumika sana kwenye stika za vifaa, Code 39 na Code 128, sifuri na O zina mpangilio tofauti kabisa wa mistari, kwa hiyo hapo hakuna cha kubishania. Programu za bure za kusoma msimbo pau kwenye simu zinaweza kusoma hata picha iliyohifadhiwa, si lazima uwe na kifaa mbele yako.

Tahadhari ni moja. Stika ya kompyuta au ruta inaweza kuwa na misimbo mitatu au minne: wa namba ya kifaa, wa modeli, wa anwani ya mtandao. Ukishasoma, linganisha jibu na zile herufi ambazo huna shaka nazo. Zikilingana zote, chukua jibu la mashine hata kama jicho lako linabisha. Na ukiomba picha, omba stika nzima. Watu wana tabia ya kukata mistari ili namba ionekane kubwa, na hapo wamekata dawa yenyewe.

Usichanganye jambo hili na zile programu zinazonakili maandishi kutoka kwenye picha. Hizo zinatazama maumbo kama unavyotazama wewe, halafu zinakisia kwa kuangalia majirani: kiduara kikiwa katikati ya tarakimu zitasema sifuri, kikiwa katikati ya herufi zitasema O. Ubaya wake ni kwamba kisio linatoka likiwa safi, limepangwa vizuri, na shaka yote imefutika. Mimi huzitumia kuokoa muda wa kuandika, lakini kila kiduara na kila kijiti narudi kukihoji.

Namba ya gari: kwanza hesabu

Namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17 inafuata kiwango cha kimataifa cha ISO 3779, na kiwango hicho kinakataza herufi tatu: I, O na Q. Zilikatazwa makusudi kwa sababu ya vurugu hii tunayoizungumzia. Maana yake ni kwamba kila kiduara kwenye namba ya aina hiyo ni sifuri, hata kama kinaonekana kinene kama O, na kila kijiti ni moja. Kiduara chenye mkia si Q. Ni sifuri iliyokwaruzwa. Herufi ndogo hazitumiki, kwa hiyo l haiingii kabisa.

Lakini hesabu kwanza kama ni 17 kweli. Magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa ni yaliyotumika Japani, yakiwa yametengenezwa kwa soko la humohumo Japani, na hayo yana namba fupi zaidi: alama za modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Mfano wa Corolla utakuwa na sura ya NZE121-3012345. Baada ya kistari ni tarakimu tupu, kwa hiyo kiduara cha upande huo ni sifuri bila mjadala. Kabla ya kistari, chukua alama za modeli kutoka kwenye cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, ambako zimepigwa chapa safi, badala ya kuzitoa kwenye picha ya chuma kilichopigwa muhuri na kupakwa rangi mara mbili.

Kanuni hii haigusi jozi nyingine zinazosumbua kwenye chuma, yaani S na 5, B na 8, Z na 2. Hizo zote zinaruhusiwa kwenye namba ya 17. Ukishamaliza viduara na vijiti, rudi ukazikague hizo peke yake.

Kontena: nafasi inaamua, hesabu inathibitisha

Kwenye bandari shida inakuja kwa sura nyingine. Namba ya kontena, chini ya kiwango cha ISO 6346, ni herufi nne, kisha tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya ukaguzi ambayo kwa kawaida huchorwa ndani ya kisanduku. Herufi ya nne karibu kila mara ni U. Basi ukijua hilo tu, umeshamaliza: kwenye nafasi nne za mwanzo hakuna sifuri wala moja, na kwenye saba zinazofuata hakuna O wala I.

Bado watu wanakosea, na mahali pa kukosea panajulikana. Kampuni ya meli ya OOCL ya Hong Kong ina makontena yanayoanza na OOLU. Mnakili anaona viduara viwili mwanzoni mwa namba, kidole kinakwenda kwenye sifuri, na fomu inapata 00LU. Mfumo unajibu kwamba kontena halipo, na mtu anaanza kupiga simu kwa wakala wakati mzigo umekaa palepale unapotakiwa kuwa.

Tarakimu ya ukaguzi ipo ili kunasa kosa hilo, na hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, na kuendelea, ila 11, 22 na 33 zinarukwa. Kwa hiyo L ni 23, O ni 26 na U ni 32. Tarakimu zinabaki na thamani zake. Kisha nafasi ya kwanza unazidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, ukiongeza mara mbili kila hatua mpaka nafasi ya kumi unayozidisha kwa 512. Jumla yake unaigawa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya ukaguzi.

Tuchukue namba ya mfano, OOLU 801063, yenye 5 ndani ya kisanduku. Herufi nne zinatoa 26, 52, 92 na 256, jumla 426. Tarakimu sita zinatoa 128, 0, 64, 0, 1536 na 1536, jumla 3264. Zote pamoja ni 3690. Kumi na moja inaingia mara 335, yaani 3685, na baki ni 5. Imelingana. Sasa ifanye vilevile ukiwa umeandika 00LU: zile 26 na 52 zinaondoka, jumla inashuka hadi 3612, na baki inakuwa 4. Kisanduku kinasema 5, wewe umepata 4; umekosea mahali.

Hesabu inakuambia kwamba kuna kosa lakini haikuonyeshi lilipo, na mara chache makosa mawili yanaweza kufutana. Pia baki ikiwa 10 huandikwa 0, ndiyo maana namba za namna hiyo huepukwa. Hata hivyo, ukiwa na kiduara kimoja tu chenye shaka, jaribu pande zote mbili na utaona upande upi unafunga.

Msimbo wa M-Pesa ya Kenya

Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu kweli, kwa sababu msimbo wa muamala wa M-Pesa ya Kenya haukatazi herufi yoyote kati ya zile zinazosumbua. Una alama kumi, herufi kubwa na tarakimu, na O na 0 zinaweza kukaa ndani ya msimbo mmoja. Mhazini wa chama, karani wa ada shuleni na mwenye nyumba wanaopokea picha ya skrini ya simu nyingine wanaijua adha hii.

Lakini alama tatu za mwanzo si za kubahatisha. Panga jumbe zako za zamani kwa tarehe utaliona mwenyewe. Alama ya kwanza ni mwaka: 2017 ilikuwa L, 2019 ikawa N, 2020 ikawa O, 2024 ikawa S. Ya pili ni mwezi, A kwa Januari mpaka L kwa Desemba. Ya tatu ni siku: 1 mpaka 9 kwa tarakimu, kisha A kwa tarehe 10, B kwa 11, mpaka V kwa tarehe 31. Kwa hiyo tarehe iliyo ndani ya ujumbe uleule inakusomea mwanzo wa msimbo.

Chukulia picha yenye ukungu, tarehe 24 Septemba 2024, na msimbo unaonekana hivi: kitu kama 5 au S, kijiti, kiduara, 7, K, kiduara, Q, kijiti, 4, D. Mwaka 2024 unasema ya kwanza ni S. Septemba ni mwezi wa tisa, na herufi ya tisa ni I, kwa hiyo kijiti cha pili si moja. Mwezi hauandikwi kwa tarakimu. Tarehe 24 ni O, na nafasi ya tatu haina sifuri kamwe kwa sababu hakuna tarehe sifuri. Tayari una SIO, na mashaka matatu yamekwisha bila kuitazama picha. Jihadhari tu na nafasi hiyo ya tatu ukikuta kijiti: 1 ni tarehe mosi na I ni tarehe 18, zote zinawezekana, kwa hiyo tarehe ndiyo itakayosema.

Alama saba zilizobaki hazina kanuni unayoweza kuiona. Kiduara kimoja na kijiti kimoja vinakupa misimbo minne, nayo ni SIO7K0QI4D, SIO7K0Q14D, SIO7KOQI4D na SIO7KOQ14D. Usichague ule unaopendeza. Mlipaji na mlipwaji hupata msimbo uleule, kwa hiyo uliopo kwenye ujumbe wako au kwenye taarifa ya miamala ya akaunti yako ndio wa kuchukua, tena kwa kunakili na kubandika. Tafuta kwa kiasi na saa, utaufikia haraka kuliko kwa msimbo. Na usipoukuta upande wako, shida yako si sifuri na O tena: fedha hazijaingia, na picha ya skrini haithibitishi malipo.

Neno la siri la ruta

Kwenye stika ya ruta l ndogo inaingia kwa nguvu zote. Neno la siri la Wi-Fi linaweza kuchanganya herufi kubwa, ndogo na tarakimu, halina tarehe wala tarakimu ya ukaguzi. Hapa ndipo macho yanafanya kazi, ila uyape kitu cha kulinganisha.

Kabla ya hapo, tazama kama stika ina msimbo wa QR. Ukiusoma kwa programu inayoonyesha maandishi badala ya kuunganisha moja kwa moja, utaona mstari wa namna hii:

```
WIFI:T:WPA;S:Nyumbani;P:k0Ol7xQ1;;
```

Kilicho kati ya `P:` na nukta mkato ndilo neno la siri, na unaweza kulinakili kama lilivyo.

Kama QR haipo au imekwaruzika, tafuta kwenye stika hiyohiyo ile anwani ya kifaa iliyoandikwa kwa jozi sita, mfano wa `A0:1B:0C:11:D0:E1`. Anwani hii hutumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F tu. Haina O, haina I, haina l. Kila kiduara ndani yake ni sifuri ya uhakika na kila kijiti ni moja ya uhakika, vikiwa vimechapwa na mashine ileile, mara nyingi kwa mwandiko uleule. Anwani ya kuingilia ruta, kama `192.168.0.1`, nayo inakupa sampuli. Sasa linganisha. Katika miandiko mingi sifuri ni nyembamba kuliko O, yenye mbavu zilizonyooka. Moja ina kibendera kichwani. L ndogo wakati mwingine inapanda juu kidogo kuliko tarakimu zilizo kando yake. Kata sampuli na kile chenye shaka, viweke ubavu kwa ubavu, na jibu linajitokeza.

Kipimo hiki kinaharibika picha ikiwa imepigwa kwa ubavu, kwa sababu O ya upande wa mbali inabanwa na kuwa nyembamba kama sifuri. Ndiyo maana sampuli iliyo karibu na kile chenye shaka ni bora kuliko iliyo ukingo wa pili wa stika.

Ukilazimika kujaribu, andika orodha yote kabla ya kuanza. Kiduara kina njia mbili, kijiti kina tatu, kwa hiyo viduara viwili na kijiti kimoja ni majaribio 12. Kwa Wi-Fi hayo si mengi. Yakikataa yote 12, uwezekano mkubwa ni kwamba mwenye ruta alishabadilisha neno la siri na stika haina kazi tena. Usijaribu hivyo kwenye kitu kinachojifunga. Namba ya PUK ya laini, kwa mfano, hukubali makosa kumi kisha laini inakufa. Na kwa kuwa PUK ni tarakimu nane tupu, kila kiduara ni sifuri na hapakuwa na haja ya kujaribu tangu mwanzo.

Kupiga picha na kuhifadhi

Ukiwa wewe ndiye mpiga picha, simama sambamba na namba, zima mwanga wa kamera kwenye chuma na plastiki inayong'aa, na ulete taa kutoka ubavuni ili michoro iliyochimbwa itupe kivuli. Chasisi iliyofifia ipake chaki kisha ufute juu. Chaki itabaki kwenye mifereji. Picha yenyewe itume kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huzibana picha za kawaida na kinachopotea kwanza ni kingo nyembamba za herufi.

Kwenye simu ya sauti, usiseme "oo". Sema "sifuri", au "O herufi, kama Oman". Sema "moja tarakimu", "I kubwa, kama Iringa", "l ndogo, kama Lamu". Msomewaji akurudishie.

Na ukiingiza kwenye Excel, badilisha safu iwe ya maandishi kabla ya kuandika chochote, na uchague mwandiko kama Consolas, ambao sifuri yake ina mkato katikati. Safu ikibaki ya namba, sifuri za mwanzo zitadondoka, na kitu kama 12E34 kitageuzwa kuwa namba ya kisayansi. Namba ndefu ndiyo inayoumia zaidi: ile iliyochapwa kwenye kadi ya laini ina tarakimu 19 au 20, na Excel hushika 15 tu. Zinazozidi zinageuzwa sifuri, na hazirudi hata ukibadilisha safu baadaye; itabidi uombe picha upya.